Ritifaa moja, baiti tatu: jinsi ya kutambua na kutengeneza maandishi yaliyovurugika

Neno ng’ombe likiandikwa kwenye programu moja na kufunguliwa kwenye nyingine, si ajabu kulikuta limekuwa ng’ombe. Herufi sita ziko salama, lakini ritifaa iliyokuwa katikati yake imetoweka na mahali pake pamekaa alama tatu ambazo mwandishi hakuziandika kamwe. Wengi wakiona hivyo hudhani kwamba faili limeharibika, nao huanza kufuta alama hizo moja moja kwa mkono. Mara nyingi, hata hivyo, baiti za faili ziko vilevile zilivyoandikwa, na kilichobadilika ni kanuni iliyotumika kuzisoma. Mara nyingine uharibifu ni wa kweli na umeshahifadhiwa. Kwenye kioo hali hizi mbili hufanana kabisa, ilhali tiba zake ni tofauti, na ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: tazama baiti kabla ya kugusa maandishi.

Tutaifuata ritifaa hiyo moja tangu inapopewa namba mpaka inapogawanywa kuwa baiti tatu, kisha tutaona inavyovurugika, inavyotengenezwa, na inavyosumbua hata ikiwa nzima. Utahitaji Python 3. Kwenye Linux na macOS utatumia pia amri ya `xxd`, na kwenye Windows amri ya `Format-Hex` iliyomo ndani ya PowerShell hufanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Tenganisha alama, namba na baiti

Kompyuta haihifadhi herufi. Inahifadhi baiti, na kila baiti ni kundi la biti nane linaloweza kubeba thamani yoyote kuanzia 0 hadi 255. Ili herufi ihifadhiwe, lazima pawepo na makubaliano mawili: kwanza, herufi hii ina namba gani, pili, namba hiyo inaandikwaje kwa baiti. Katika mifumo ya zamani makubaliano haya mawili yalikuwa kitu kimoja, na chanzo cha vurugu nyingi kiko hapo.

ASCII, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1963, ilitumia biti saba na hivyo ilikuwa na nafasi 128 tu. Zilitosha herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za uandishi za kawaida, na ritifaa iliyonyooka, ile `'`, ambayo namba yake ni 39. Ritifaa iliyopinda, yaani ’, haikuwemo. Baiti yenye biti nane iliacha nafasi nyingine 128 juu ya zile za ASCII, na kila mtengenezaji alizijaza kwa namna yake. Windows-1252 iliipa ritifaa iliyopinda nafasi ya 146. Mac Roman, iliyotumika kwenye kompyuta za Macintosh, iliipa nafasi ya 213. Sasa, nafasi ya 213 katika Windows-1252 ni herufi Õ. Kwa hiyo ng’ombe iliyohifadhiwa kwenye Macintosh ilisomeka ngÕombe ilipofika kwenye Windows, na hakuna hata baiti moja iliyokuwa imebadilika njiani.

Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ilitenganisha makubaliano hayo mawili. Kila alama ina namba moja tu, isiyotegemea mashine wala lugha, na namba hiyo huandikwa kwa kizio cha 16 ikitanguliwa na `U+`. Ritifaa iliyonyooka ni U+0027 na iliyopinda ni U+2019. Katika kizio cha 16 tarakimu ni 0 hadi 9 zikifuatwa na A hadi F, na kila tarakimu inasimama badala ya biti nne, hivyo baiti moja daima huandikwa kwa tarakimu mbili. Kwa hesabu ya kawaida 2019 ya kizio cha 16 ni 8217. Namba hiyo haiwezi kuingia kwenye baiti moja, ambayo inaishia 255, na hapo ndipo swali la pili linapozaliwa: igawanywe vipi?

Hatua ya 2: Igeuze U+2019 kuwa baiti kwa mkono wako

Jibu linalotumika zaidi leo ni UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwezi Septemba 1992. Inafaa kuikokotoa angalau mara moja kwa kalamu na karatasi, kwa sababu aliyeifanya hesabu hii hataiona tena ’ kama fumbo. UTF-8 ina violezo vinne, na kiolezo huchaguliwa kwa kuangalia ukubwa wa namba:

```
U+0000  – U+007F     0xxxxxxx
U+0080  – U+07FF     110xxxxx 10xxxxxx
U+0800  – U+FFFF     1110xxxx 10xxxxxx 10xxxxxx
U+10000 – U+10FFFF   11110xxx 10xxxxxx 10xxxxxx 10xxxxxx
```

Kila `x` ni nafasi ya biti moja ya namba tunayotaka kuibeba. Namba yetu, 2019, iko kati ya 0800 na FFFF, kwa hiyo kiolezo chake ni cha tatu, chenye nafasi 16. Andika kila tarakimu kwa biti nne: 2 ni `0010`, 0 ni `0000`, 1 ni `0001`, na 9 ni `1001`. Ukiziunganisha unapata biti 16, ambazo sasa unazigawa upya kufuata nafasi za kiolezo, yaani nne, sita na sita:

```
0010 0000 0001 1001
0010   000000   011001
11100010 10000000 10011001
E2       80       99
```

Mstari wa pili ni biti zile zile zikiwa zimegawanywa upya, mstari wa tatu ni biti hizo zikiwa ndani ya kiolezo, na mstari wa nne ni baiti tatu zinazotokea. Hakikisha kwa Python:

```
>>> "ng’ombe".encode("utf-8")
b'ng\xe2\x80\x99ombe'
```

Herufi n, g, o, m, b na e ni za ASCII, na kiolezo cha kwanza huziacha kama zilivyokuwa, kila moja baiti moja. Kwa hiyo neno lenye alama saba limekuwa na baiti tisa. Kwa njia hiyo hiyo ũ, ambayo ni U+0169, huwa baiti mbili, C5 na A9, na emoji ya U+1F600 huwa baiti nne, F0 9F 98 80. Ukipata nafasi, ikokotoe ũ mwenyewe kwa kiolezo cha pili kabla ya kuendelea.

Mpangilio huu una hekima ambayo itatufaa baadaye. Baiti inayoanza na `0` ni alama kamili ya ASCII. Inayoanza na `11` ni mwanzo wa alama ndefu, na idadi ya `1` zinazotangulia inaeleza alama hiyo ina baiti ngapi. Inayoanza na `10` ni mwendelezo, wala haiwezi kusimama peke yake. Programu ikidondokea katikati ya faili, inatosha irudi nyuma hatua zisizozidi tatu ili ipate mwanzo wa alama. Vilevile, maandishi yaliyosimbwa kwa mfumo mwingine na kuwa na baiti nje ya ASCII ni nadra sana kufuata utaratibu huo kwa bahati, na kwa hiyo swali la kama faili ni UTF-8 halali huwa na jibu la kutegemewa.

Hatua ya 3: Soma baiti za faili lako

Usiamini kioo. Chukua sehemu ndogo ya faili lenye matatizo, ikiwezekana mstari mmoja wenye neno unalolijua, na utazame baiti zake. Neno zima linatakiwa lionekane hivi:

```
$ printf 'ng’ombe' | xxd
00000000: 6e67 e280 996f 6d62 65                   ng...ombe
```

Kushoto ni mahali baiti zinapoanzia, katikati ni baiti zenyewe, na kulia ni herufi za ASCII, huku nukta ikiwekwa penye kila baiti isiyo ya ASCII. Nukta tatu zilizo kati ya ng na ombe ndizo baiti tatu za ritifaa yetu. Kwa faili halisi amri ni `xxd maandishi.txt | head`. Sasa linganisha unachokiona baada ya `6e 67` na hali zifuatazo.

Ukikuta `e2 80 99`, faili ni zima. Kama kioo kinaonyesha ’, basi programu unayoitumia inasoma UTF-8 kana kwamba ni Windows-1252. Katika Windows-1252 baiti E2 ni â, 80 ni €, na 99 ni ™, na programu imezionyesha zote tatu kwa uaminifu. Hapa usibadilishe maandishi hata kidogo. Irekebishe programu inayosoma.

Ukikuta `c3 a2 e2 82 ac e2 84 a2`, uharibifu umeshahifadhiwa. Mtu au programu ilisoma baiti tatu vibaya, ikapata alama tatu, kisha ikazihifadhi alama hizo kwa UTF-8 kama alama halali: â ikawa baiti mbili, € tatu, na ™ tatu. Ritifaa moja imefikia baiti nane. Kosa hilo likirudiwa, kila baiti kati ya hizo nane inasomwa tena peke yake na kioo kinaonyesha ’. Sura hiyo inatisha, lakini hali yenyewe bado inatibika, kwa kuwa kila hatua ya uharibifu inaweza kurudishwa nyuma.

Ukikuta baiti moja tu, `92`, faili si UTF-8 kabisa, bali ni la Windows-1252. 92 ya kizio cha 16 ndiyo ile 146 tuliyoitaja. Programu inayotarajia UTF-8 inaona baiti inayoanza na `10` isiyo na mwanzo wake, na kwa kawaida huonyesha � mahali pake. Faili hili halihitaji matengenezo, linahitaji kugeuzwa:

```
iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 zamani.txt > mpya.txt
```

Ukikuta `ef bf bd`, alama ya � yenyewe, ambayo ni U+FFFD, ndiyo iliyohifadhiwa badala ya ritifaa. Ukikuta `3f`, kilichohifadhiwa ni alama ya kuuliza. Katika hali hizi mbili baiti za awali hazipo tena ndani ya faili, na hakuna hesabu itakayozirudisha. Tafuta nakala ya zamani. Isipopatikana, maneno yenye ng’ yana nafuu yake, kwa sababu alama ya kuuliza iliyobanwa kati ya ng na irabu au w, kama katika ng?ombe na ng?oa, ni vigumu iwe na maana nyingine. Kwa é na ũ hakuna nafuu ya namna hiyo.

Hatua ya 4: Ziba mahali kosa linapoingilia

Ukitengeneza maandishi kabla ya kuziba chanzo, kesho yatavurugika tena, na safari hii yatachanganyika na yale uliyoyatengeneza, jambo linaloifanya kazi kuwa ngumu maradufu. Kosa huingia mahali ambapo maandishi hubadilishwa kuwa baiti au baiti kuwa maandishi bila usimbaji, yaani kanuni ya kugeuza alama kuwa baiti, kutajwa. Pitia milango hiyo mmoja mmoja.

Katika Python taja usimbaji kila unapofungua faili, kwa kusoma na kwa kuandika, kwa maana matoleo mengi ya Python kwenye Windows huchukua usimbaji wa mfumo endapo haukutajwa:

```
open("maandishi.txt", encoding="utf-8")
```

Katika kurasa za HTML weka `<meta charset="utf-8">` mwanzoni kabisa mwa sehemu ya `<head>`, kwa kuwa tamko hilo linatakiwa liwe limekamilika ndani ya baiti 1024 za kwanza za faili. Zaidi ya hapo, hakikisha seva haitumi tamko linalopingana nalo, kwani tamko la seva lina nguvu kuliko la ndani ya ukurasa.

Mafaili ya CSV ni mlango unaosahaulika kuliko yote. CSV haina mahali pa kutaja usimbaji wake, na Excel ikifungua faili la namna hiyo kwa kubofya mara mbili inaweza kulisoma kwa usimbaji wa zamani wa mfumo. Ukiliandika kwa `encoding="utf-8-sig"`, Python hutanguliza baiti EF BB BF, nazo humwambia Excel kwamba yanayofuata ni UTF-8. Lakini usiziweke baiti hizo kila mahali bila sababu. Programu isiyozitarajia huzichukua kuwa sehemu ya jina la safu ya kwanza, na ukiona ï»¿ mwanzoni mwa faili, ndizo hizo.

Kwenye hifadhidata ya MySQL kuna mtego wa jina. Usimbaji ulioitwa `utf8` hauna nafasi kwa alama za baiti nne, kwani unaishia baiti tatu. Ritifaa yetu inapita salama, ũ inapita, na mfumo unaweza kufanya kazi kwa miaka bila malalamiko mpaka siku mtu anapoandika emoji na ujumbe wa `Incorrect string value: '\xF0\x9F\x98\x80'` unapotokea. Sasa unaweza kuusoma ujumbe huo kwa macho: F0 ni `11110000`, mwanzo wa alama yenye baiti nne. Usimbaji kamili unaitwa `utf8mb4`, nao unapaswa kutajwa kwenye majedwali na kwenye muunganisho wa programu vilevile.

Hatua ya 5: Tengeneza yaliyohifadhiwa vibaya

Hatua hii ni kwa hali ya `c3 a2 e2 82 ac e2 84 a2` pekee. Tengeneza nakala ya data kwanza na ufanye kazi kwenye nakala. Matengenezo ni kurudi nyuma kwenye njia ile ile ya uharibifu: alama tatu zinageuzwa kuwa baiti kwa Windows-1252, kisha baiti hizo zinasomwa kwa UTF-8 kama zilivyotakiwa kusomwa tangu mwanzo.

```
def tengeneza(s):
    try:
        return s.encode("cp1252").decode("utf-8")
    except UnicodeError:
        return s
```

Ifuate kwa mfano wetu. Maandishi ng’ombe yanageuka kuwa baiti `6e 67 e2 80 99 6f 6d 62 65`, na baiti hizo zikisomwa kwa UTF-8 zinatoa ng’ombe. Ikiwa uharibifu ulitokea mara mbili, na kioo kinaonyesha ng’ombe, iite mara mbili.

Swali la msingi ni je, itafanya nini kwa mistari iliyo mizima? Chukua ng’ombe iliyo sahihi. Windows-1252 inaigeuza ritifaa kuwa baiti 92, na UTF-8 inaikataa baiti hiyo kwa kuwa ni mwendelezo usio na mwanzo; kosa linatokea na mstari unarudishwa kama ulivyokuwa. Mstari wenye ASCII tupu unapita bila kubadilika. Kwa hiyo unaweza kuipitisha kwenye data nzima, mstari kwa mstari, pasipo hofu kubwa ya kuharibu yaliyo sawa. Hata hivyo hifadhi orodha ya mistari iliyobadilika na uisome kwa macho yako, kwa sababu kuna maandishi machache, kama haya unayoyasoma, yanayotaja ’ kwa makusudi.

Kuna mipaka miwili ya kujua. Kwanza, mstari mmoja ukiwa na ritifaa nzima na nyingine iliyovurugika, ile nzima itasababisha kosa na mstari wote utaachwa. Mistari ya namna hiyo igawe neno kwa neno kabla ya kuiita. Pili, Windows-1252 ina nafasi tano zisizo na alama, nazo ni 81, 8D, 8F, 90 na 9D. Alama ya kufungia nukuu, ”, ni U+201D, na baiti zake ni E2 80 9D. Programu iliyoisoma vibaya ilikutana na baiti isiyo na alama. Nyingine ziliiacha kama alama ya udhibiti isiyoonekana, nyingine ziliitupa. Ndiyo sababu utaona â€ isiyo na mwisho penye nukuu za kufungia, na tengeneza() itashindwa nayo. Ikiwa alama ya udhibiti, U+009D, bado ipo, rudisha nukuu kwa kubadilisha alama hizo tatu moja kwa moja kabla ya kuita tengeneza() kwa neno lililobaki:

```
s = s.replace("â€\x9d", "”")
```

Mstari huo ufuatwe na mgawanyo wa neno kwa neno tuliousema, nukuu nayo ikitengwa na neno iliyoshikana nalo, la sivyo nukuu uliyoirudisha itazuia mengine yaliyo kwenye mstari huo.

Hatua ya 6: Pima urefu kwa kipimo kinachotakiwa

Hata maandishi yakiwa mazima, tofauti kati ya alama saba na baiti tisa ina gharama zake. Programu inayokata maandishi kwa idadi ya baiti inaweza kukata katikati ya ritifaa:

```
>>> b = "ng’ombe".encode("utf-8")
>>> b[:4].decode("utf-8")
UnicodeDecodeError: 'utf-8' codec can't decode bytes
in position 2-3: unexpected end of data
```

Baiti nne za kwanza ni n, g, na theluthi mbili za ritifaa. Kama ni lazima ukate kwa baiti, tazama baiti ya kwanza itakayoachwa nje. Ikiwa inaanza na `10`, rudi nyuma baiti moja na uitazame hiyo, mpaka ukute isiyoanza na `10`, kisha kata kabla yake. Hapa baiti ya kwanza ya nje ni 99, nayo ni mwendelezo. Unarudi kwenye 80, nayo ni mwendelezo. Unarudi kwenye E2, ambayo ni mwanzo. Unakata kabla yake na kubaki na ng, pungufu lakini halali. Kwa sababu hiyo hiyo, unapoweka kikomo cha urefu kwenye safu ya hifadhidata, soma kwanza kama kikomo hicho kinahesabu baiti au alama, maana hifadhidata hazikubaliani.

Mahali ambapo gharama hii huonekana waziwazi ni kwenye SMS. Ujumbe mmoja una nafasi ya baiti 140. Alfabeti ya kawaida ya GSM hutumia biti saba kwa kila alama, na ndiyo maana alama 160 huingia. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye alfabeti hiyo, iliyopinda haimo. Ikitokea hata mara moja, na kama mtambo wa kutuma haukuibadilisha wenyewe, ujumbe wote husimbwa upya kwa baiti mbili kwa kila alama, hata zile za ASCII, na kikomo hushuka hadi alama 70. Ujumbe wa alama 120 uliokuwa mmoja unakuwa mbili. Angalia pia kwamba katika usimbaji huo U+2019 ni baiti 20 na 19 tu, si E2 80 99: namba ni ile ile, baiti ni nyingine, na idadi yake haijulikani mpaka usimbaji utajwe.

Hatua ya 7: Chagua ritifaa moja kwa ajili ya utafutaji

Tatizo la mwisho halihusu uharibifu wowote. Kibodi inaandika `'`, programu ya kuandikia maandishi inaibadilisha yenyewe kuwa ’, na mtu anayetafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka hapati hata mstari mmoja, ilhali neno limejaa mbele yake. Kwa kompyuta baiti 27 na baiti E2 80 99 hazina uhusiano. Zaidi ya hizo mbili utakutana na ‘ (U+2018), ʼ (U+02BC), na hata ` na ´ zilizobonyezwa kwa kufanana kwake.

Wapo wanaotegemea usawazishaji wa Unicode, ule wa NFC, kwamba utazileta pamoja. NFC hufanya kazi nyingine: huunganisha e iliyofuatwa na U+0301 kuwa é moja, hivyo baiti tatu 65 CC 81 kuwa mbili, C3 A9. Uite kabla ya kulinganisha maandishi yenye herufi za namna hiyo, ũ ikiwemo. Ritifaa haziguswi nao, kwa kuwa Unicode inazihesabu kuwa alama tofauti kabisa. Kanuni ya kuziunganisha lazima uiandike mwenyewe:

```
import re
kanuni = "(?<=[Nn][Gg])[’‘ʼ`´](?=[aeiouwAEIOUW])"
ufunguo = re.sub(kanuni, "'", s)
```

Kanuni hii hugusa ritifaa iliyotanguliwa na ng na kufuatwa na irabu au w pekee, ili nukuu inayofungwa baada ya neno isiguswe. Itumie kwenye safu ya pili iliyotengwa kwa utafutaji, na maneno anayoyaandika mtafutaji uyapitishe kwenye kanuni hiyo hiyo kabla ya kulinganisha. Safu ya kwanza, inayoonyeshwa kwa msomaji, iache na ’ yake kama mwandishi alivyoiandika.